Asante kwa Yaya, aliyenifundisha kuchunga neno "utulivu"

Wapenzi wasikilizaji, wakaaji wa hapa na ninyi wahamaji mlio katika kambi ao katika familia zilizowapokea, leo sileti habari ya mapigano wala ya bei ya unga. Nataka kutoa shukrani mbele yenu kwa mwanahabari mmoja aliyenitangulia katika kazi. Sisi vijana wa studio tunamwita Yaya. Sitaandika jina lake, sababu yeye mwenyewe hapendi, na katika kazi yetu jina la mtu si kitu cha kutupa ovyo.

Yaya hakuwahi kuniketisha na kusema: sasa nakufundisha. Alikuwa anasoma karatasi yangu kabla ya matangazo, anachora mstari chini ya neno moja, kisha ananirudishia. Neno alilolichorea mstari mara nyingi ni "utulivu".

Kwa maoni yangu, hilo ndilo neno la hatari zaidi tunaloweza kumtumia mhamaji. Tukisema "mapigano", mtu anakaa alipo. Tukisema "utulivu umerudi kijijini", mama anafunga mizigo, anachukua watoto na kuacha kibanda chake. Kesho mtu mwingine anaingia katika kibanda hicho, na siku ya kugawa chakula jina linaitwa bila mtu wa kuitika. Habari ikiwa ya uongo, mama huyo amepoteza kijiji na kambi pamoja.

Nitoe mfano mmoja. Katika mwezi wa pili mwaka 2024, vita ilipokaribia Sake, watu wengi walikimbilia upande wa Goma. Miezi kadhaa nyuma ya pale, nilipata sauti ya Watsapu kuhusu kijiji kimoja cha milima ya Masisi. Mwanaume alisema: "Watu wote wamerudi, kuna utulivu." Wengine wawili walinitumia ujumbe wa namna ile ile. Niliandika habari na kumpelekea Yaya ili aisome.

Aliniuliza swali moja: "Mdogo wangu, kati ya hawa watatu, nani alilala kule usiku wa jana?"

Tuliwapigia simu. Hakuna aliyelala kule. Wawili walikuwa wamepokea sauti ile ile na kuituma mbele. Hapo Yaya alinionyesha kwamba watu watatu waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja tu, na yeye pia hakuona. Toka siku ile, swali langu la kwanza kwa kila anayenipigia ni hili: umeona ao umesikia?

Kisha alinifundisha kuwatafuta watu ambao kazi yao yenyewe inasema ukweli, na kutowauliza kama kuna amani. Neno amani kila mtu analijibu kulingana na hamu yake ao hofu yake. Tulimwita kwanza mwenye mashini ya kusaga. Tulimuuliza: unasaga siku ngapi kwa juma? Alijibu kwamba mashini imefungwa, sababu hakuna anayeleta mahindi. Tukampata nesi wa kituo cha afya. Tulimuuliza kama kuna mama aliyezalia pale usiku katika juma lile. Hakuna: yeye mwenyewe anafungua asubuhi na kushuka kabla ya jioni.

Wa tatu alikuwa kijana wa chukudu. Yaya hakumuuliza habari ya vita hata kidogo. Alimuuliza: unapakia nini ukishuka, na unapakia nini ukipanda? Kijana akasema anashuka na kabichi na maharagi, na anapanda mtupu. Yaya akanieleza: kabichi zinazoshuka zinaonyesha kwamba watu wanafika shambani. Lakini familia inayorudi kukaa inapandisha magodoro, masufuria na majerikani. Chukudu ikipanda mtupu, hakuna aliyerudi kulala. Na siku utakapoona chukudu zinashuka na magodoro na mabati, usingoje mtu akupigie simu. Watu wanakimbia.

Basi habari yangu iligeuka. Hatukusema "watu wamerudi". Tulisema hivi: "Kufikia jana saa kumi ya jioni, wakaaji watatu walituambia kwamba watu wanaenda mashambani toka saa mbili ya asubuhi, na wanashuka mbele ya saa tisa. Hawalali kijijini. Mashini ya kusaga haijafunguliwa. Hatujapata habari ya vijiji vya jirani." Habari hiyo haikuwa na neno "utulivu", na kila msikilizaji aliweza kupima mwenyewe.

Angalieni saa iliyo mwanzoni. Yaya ndiye aliyenifunza kuiweka. Habari ya kijiji kilicho karibu na mstari wa mapigano inaharibika kama maziwa. Iliyo kweli jana jioni inaweza kuwa uongo leo asubuhi, na anayesikia marudio ya usiku lazima ajue ina umri gani.

Kuna jambo lingine alilonifundisha kwa kimya. Mara moja nilikuwa naongea na mkaaji mmoja kwa simu, na majibu yake yakawa mafupi: ndiyo, hapana, kila kitu ni sawa. Mimi nilitaka kuendelea kuuliza. Yaya aliweka kidole mdomoni, akaandika kwenye karatasi: "Hayuko peke yake. Muage." Nilimuaga kama rafiki anayemsalimu. Jioni mtu huyo alinipigia mwenyewe, akiwa mahali pengine. Toka hapo, mtu akibadilisha sauti ghafla, simchimbi tena. Na ninapotangaza, sisemi "nesi wa kijiji fulani", maana kijiji kina nesi mmoja, na kumtaja hivyo ni sawa na kutaja jina lake. Nasema "mkaaji".

Kazi hii ina mipaka yake, na Yaya ndiye wa kwanza kuisema. Antena ikizimwa, hakuna simu inayopita, na kimya cha simu hakionyeshi vita wala amani. Pia watu wanaoenda shambani mchana hawaonyeshi kwamba shamba ni salama. Kunaweza kubaki mabomu yasiyolipuka katika majani, na hayo chukudu haiwezi kuyaonyesha. Ndiyo maana hatumwambii mtu arudi ao asirudi. Tunamweleza tulichokipata, kwa nani na saa ngapi, na familia inaamua.

Kuna wenzetu wanaosema kwamba kwa njia hii tunachelewa, na kwamba sauti za Watsapu zimeshafika kambini kabla yetu. Ni kweli, mara nyingi tunakuwa wa mwisho. Lakini mhamaji anaweza kungoja habari nusu siku. Hawezi kurudisha kibanda alichokiacha.

Ninyi pia, mkisikia kwamba kijiji chenu kimetulia, mnaweza kuuliza kama Yaya: nani alilala kule? Mashini inasaga? Chukudu zinapandisha nini? Maswali haya hayana gharama zaidi ya inite kidogo za simu.

Yaya, najua utasoma karatasi hii ukiwa na kalamu mkononi. Asante kwa kila mstari uliouchora, na asante kwa kunirudishia karatasi bila kunipandishia sauti mbele ya wenzangu. Vijana wawili wapya wameingia studio mwezi huu. Nimeanza kuwasomea karatasi zao, na swali ninalowauliza ni lile lile.