Mtoto anayevunjika kwa neno dogo



Juma lililopita tuliongea juu ya watoto wenye shida ya kutulia na kufuata jambo moja mpaka mwisho. Wengi wenu mliuliza juu ya kitu kimoja: kwa nini mtoto wa namna hiyo, ukimsahihisha kidogo tu, analia au anafoka kana kwamba umemfukuza nyumbani? Leo tubaki hapo.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 9, tumwite Amani, anasoma mwaka wa 4 wa shule ya msingi. Mama anamtuma kwenye bomba na bidoni ya litri 10. Mstari ni mrefu. Amani anaona wenzake wanacheza mpira, anaweka bidoni chini, anaenda kucheza. Saa moja baadaye anarudi nyumbani mikono mitupu. Mama anamwambia mbele ya majirani: “Wewe huna masikio? Kila siku ni hivyo! Mtazame mdogo wako!” Amani anajibu kwa sauti: “Basi mimi ni mbaya, mnanichukia!” Anapiga mlango teke na kukimbilia nyuma ya nyumba.

Anayeona hivyo anasema mtoto hana adabu. Lakini kuna mambo mawili chini yake.

La kwanza ni ubongo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo inafanya kazi ya kuzuia hasira na kutufanya tufikiri kabla ya kujibu, inakomaa polepole kwa watoto hawa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walilinganisha picha za ubongo wa watoto. Waliona kwamba hatua ambayo watoto wengi wanaifikia wakiwa na miaka 7 na nusu, wenye shida hii waliifikia wakiwa na miaka 10 na nusu. Ubongo wao ulifuata njia ileile, ila kwa kuchelewa. Kwa hiyo Amani ana miaka 9, lakini akikasirika anaweza kuwa kama mtoto wa miaka 6.

La pili ni mzigo wa maneno. Mtoto huyu anasahihishwa asubuhi kwa sababu ya kiatu, kalasini kwa sababu ya kaye, jioni kwa sababu ya sahani. Neno la leo linaangukia kidonda cha jana. Mama anasema “umesahau bidoni”, yeye anasikia “wewe hufai kitu”.

Sasa tufanye nini? Hatusemi tumwache bila kumsahihisha, maana maji bado hayajafika nyumbani. Tunaangalia saa, mahali na maneno.

Tuanze na saa. Mtoto akiwa amewaka, maelezo yako hayaingii. Sema neno moja fupi kwa sauti ya chini: “Naona umekasirika. Tutaongea ukitulia.” Kisha nyamaza, ukibaki karibu. Wengine wanatulia kwa dakika 10, wengine nusu saa. Utajua wakati umefika pumzi yake ikishuka, au akianza kujisogeza karibu nawe. Lakini usingoje mpaka kesho. Ukichelewa sana, hataunganisha tena maneno yako na kile alichofanya.

Halafu mahali. Mwite pembeni, mbali na majirani na ndugu zake. Wengi wa watoto hawa wanasikia vizuri zaidi mkiwa mnafanya kazi pamoja, kama kuchambua maharagi, kuliko ukimkazia macho.

Kisha maneno. Yawe matatu tu: kilichotokea, matokeo yake, na hatua inayofuata. “Bidoni imebaki kwenye bomba. Hatuna maji ya kupika. Twende tuichukue.” Mkiwa njiani mwambie: “Kesho, bidoni isitoke mkononi mwako mpaka zamu yako ifike. Utafanya nini?” Mwache arudilie kwa mdomo wake. Usiongeze shati chafu wala pointi za bulteni. Kosa moja linatosha kwa siku hiyo. Acha pia “kila siku” na “hata siku moja”, kwa sababu maneno hayo yanamsema yeye mwenyewe, hayasemi kosa. Na usimuulize “kwa nini?” Mara nyingi hajui, na swali hilo linamfanya aseme uongo ili ajiokoe.

Na mlango je? Hilo ni jambo lingine, mliongee peke yake jioni: “Kukasirika si kosa. Kupiga mlango teke ni kosa. Ukikasirika, kaa pale chini ya mti, mimi nitakuja.” Kama mlango umeharibika, asaidie kuutengeneza. Wala usimwondolee kazi ya maji kwa sababu amelia. Ukifanya hivyo, atajifunza kwamba machozi yanafuta kazi. Kesho atatumwa tena, labda kwanza saa ambayo mstari ni mfupi.

Tena tusingoje kosa ndipo tuongee naye. Akisimama katika mstari mpaka mwisho, mwambie palepale: “Umengoja zamu yako bila kuacha bidoni.” Maneno kama “wewe ni mtoto mzuri” hayamwonyeshi alichofanya vizuri. Na usiweke “lakini” nyuma ya sifa, maana atabaki na ile “lakini” tu.

Mtu asitegemee machozi yakauke juma la kwanza. Angalia kama hasira inadumu muda mfupi kuliko zamani, na kama mtoto anarudi mwenyewe kutengeneza alichoharibu. Hapo mnaenda mbele. Lakini akianza kuficha kaye, kukataa kujaribu jambo jipya, au kujibu “sijui” kwa kila swali, ujue bado anaogopa maneno yetu, hata kama halii tena.

Tuwe waangalifu pia tusipeleke kila kilio kwenye shida hii. Shida ya kutulia inaanza kuonekana kabla ya miaka 12, inadumu angalau miezi 6, na inaonekana mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na shuleni. Mtoto aliyekuwa mtulivu akibadilika ghafula baada ya kufiwa, kukimbia vita, au kuhamia shule nyingine, tutafute jambo lililompata. Labda kuna mtu anayemtesa. Asiyesikia au asiyeona vizuri naye anasahihishwa bure kila siku, kwa hiyo apimwe masikio na macho. Na mtoto akisema anataka kufa, au akijiumiza, tusimwambie anadeka. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Bukavu kuna SOSAME na Goma kuna Tulizo Letu, ambako wanatunza magonjwa ya akili.

Kazi yetu ya juma hili: tukubaliane na baba, dada mkubwa na bibi juu ya sentensi moja ambayo wote tutasema mtoto akiwaka. Na mwalimu tumwombe jambo dogo: mtoto akikosea, asimtaje mbele ya kalasi nzima. Apite karibu naye, aweke kidole kwenye mstari wa kaye wenye kosa, kisha aendelee na njia yake.