Usibadili debe kuwa kilo kabla ya kunakili

JEMBE NA KALAMU
Na Tumaini Mwakyoma

Mwisho wa Aprili 2025 binamu yangu alinitumia picha 26 za daftari la shangazi, mkulima wa Kyimo, hapa Rungwe. Ni kaunta buku la kawaida, limejaa madoa ya utomvu wa ndizi, na ndani yake shangazi huandika kila anachokata na kila anachouza: ndizi, parachichi, viazi na majani ya chai. Alitaka jambo moja tu, ajue kila zao lilimpa nini kila mwezi. Aliwahi kumpa kijana mmoja kazi hiyo, akarudishiwa karatasi yenye jumla moja ya kilo na jumla moja ya fedha. Hakuweza kuitumia, kwa kuwa hakuna namna ya kujua mikungu 42 iligeukaje kuwa kilo, wala viazi vimeingia wapi.

Msimamo wangu katika kazi hii ni huu: anayenakili daftari la mkulima aandike kwanza kile kilichoandikwa, kwa kipimo kilekile kilichoandikwa, na asijumlishe chochote mpaka amalize. Makosa mengi niliyoyaona hutokana na mtu kusoma picha huku akipiga hesabu kichwani.

Picha za kwanza zilikuwa na kivuli cha simu, na gumba la binamu lilifunika safu ya bei. Nikamwomba aandike namba kwa kalamu kwenye pembe ya kila ukurasa, atoke nje asimame kivulini, apige ukurasa mmoja mmoja kutoka juu kabisa, kisha azitume WhatsApp kama `Document`, maana zikienda kama picha za kawaida hubanwa na tarakimu hufifia. Kwenye jedwali la Excel safu zangu zilikuwa nane, kuanzia A hadi H: namba ya picha, tarehe, zao, tukio, kiasi, kipimo, bei na fedha. Mstari mmoja wa daftari mara nyingi huzaa mistari miwili, wa mavuno na wa mauzo. Tarehe 6 Machi, kwa mfano, shangazi alikata mikungu 14 akauza 12 kwa 8,000, akapokea 96,000.

Tarehe ndizo zilizoniangusha kwanza. Nilichapa 6/3/2025 kama tunavyoandika sisi, siku kisha mwezi, lakini kompyuta niliyoazima ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, mwezi kisha siku. Ikaisoma kuwa tarehe 3 Juni. Tarehe 13, 20 na 27 Machi ikashindwa kuzisoma kabisa, ikaziacha kama maneno. Jumla ya Machi ikatoka sifuri, na Juni, mwezi ambao ulikuwa haujafika, ikapata shilingi 96,000. Dalili yake iko machoni ukijua pa kutazama: tarehe halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto. Tangu hapo nachapa 2025-03-06, ambayo haina utata.

Baada ya hapo jumla ya mauzo ya ndizi kwa Machi ni mstari mmoja:

```
=SUMIFS(H:H,C:C,"ndizi",D:D,"mauzo",B:B,">="&DATE(2025,3,1),B:B,"<"&DATE(2025,4,1))
```

Ikatoa 246,500. Nilikaribia kuiandika na kwenda zangu. Bahati nzuri nilikuwa na safu ya I ya kukagulia mauzo, ambayo huzidisha kiasi kwa bei na kutoa fedha iliyoandikwa:

```
=E2*G2-H2
```

Kila mstari ulio sawa huleta 0. Mstari wa tarehe 20 ulileta `#VALUE!`. Nilikuwa nimenakili fedha kama shangazi alivyoiandika, 67,500/=, na ile alama ya mwisho ikafanya tarakimu iwe neno. SUMIFS haikulalamika, iliiruka tu kimya. Nilipoifuta alama, jumla ikapanda hadi 314,000.

Mstari wa tarehe 27 nao haukuleta sifuri, ulileta 2,000. Mikungu 10 kwa 7,000 ni 70,000, lakini daftari linasema 68,000. Hapa ndipo anayenakili hujiona mwerevu akamsahihishia mkulima hesabu. Nilipiga simu. Shangazi hakukosea hata kidogo: mnunuzi alipungukiwa, akaondoka na deni la elfu mbili. Ningeandika 70,000, ningempa fedha ambayo hajaishika na kulifuta deni kwa wakati mmoja. Kwa hiyo 68,000 ikabaki, na safu ya I ikabaki na 2,000 yake.

Jambo lingine la kuulizia ni vile vijialama vya "kama juu". Tarehe 20 shangazi aliviweka chini ya mstari alioupenyeza wa dawa ya viazi, hivyo ukivifuata kwa utii, mavuno ya siku ile ni viazi. Kilichonizindua ni neno "mikungu" pembeni.

Sasa vipimo. Ndizi zilikuwa rahisi: mikungu 47 ilikatwa, 42 ikauzwa, na ile mitano daftari linaitaja, mitatu ya nyumbani na miwili iliyopelekwa msibani. Parachichi ziliuzwa kwa njia mbili, kilo 84 kwa mnunuzi mwenye mizani na madebe 3 sokoni. Ukijumlisha safu ya kiasi bila kuangalia kipimo utapata 87, namba isiyo ya kitu chochote. Nilizitoa katika mistari miwili, kila mmoja ukiwa na sharti la F:F katika SUMIFS. Shangazi alipotaka kilo, tulijaza madebe matatu mpaka kilele kama anavyowajazia wateja wake, tukayapima: kilo 15, 16 na 17. Wastani ni 16, basi madebe yale matatu ni kama kilo 48, na parachichi zote za mwezi ni kama 132. Nikaandika "makadirio" pembeni, kwa sababu ni debe lake na matunda ya msimu ule.

Magunia ya viazi nimekataa kuyageuza. Sheria ya vipimo inaweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia, na Wakala wa Vipimo wanapiga marufuku lumbesa, lakini daftari halisemi kama gunia la siku ile lilishonwa usawa wa mdomo au liliongezewa kilemba. Anayeandika 100 kila mahali anaificha hasara ambayo mkulima alipaswa kuiona.

Chai ina ugumu wake. Kilo za majani mabichi ziko kwenye stakabadhi za mizani za Machi, lakini fedha yake ilimfikia shangazi Aprili. Mavuno yamekwenda Machi na malipo yamekwenda Aprili, kila kimoja kwa tarehe yake. Mtu asigawanye fedha ya Aprili kwa kilo za Aprili akadhani amepata bei.

Machi imefungwa. Aprili bado, kwa kuwa picha zinaruka kutoka ukurasa wa 22 kwenda wa 24. Binamu anasema kurasa zimeshikana kwa utomvu. Nimemwomba azitenganishe taratibu kwa kisu, aziache zikauke, kisha apige tena.