Cheti hakikaushi mbao

Siku ya kupewa vyeti, mwakilishi wa wahitimu wa useremala Masisi au Walikale anaposimama kuwahimiza wenzake waendelee kujifunza, ataje na jambo lenyewe: kukausha mbao. Mlango wa mbao mbichi ya mikaratusi utajipinda kiangazi kikifika, na familia iliyorudi kijijini itakuwa imepoteza franga zake.

Mbao zipangwe chini ya paa, vijiti katikati, hewa ipite. Kipande kimoja kipimwe kwenye mizani kila wiki. Uzito ukizidi kushuka, maji bado yamo. Ukikaa palepale, fundi aanze kazi. Hilo huchukua miezi, na zaidi katika unyevu wa msitu wa Walikale. Somo hilo linamngoja karakanani.