Kanzidata ya Ajira: Aliyefaulu Akakosa Nafasi Huitwaje Kazini?

Katika matangazo ya kuitwa kazini yanayotolewa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma jijini Dodoma, mara nyingi huwamo maelezo kwamba orodha inajumuisha baadhi ya wasailiwa ambao majina yao yalikuwa kwenye kanzidata. Hao ni watu waliofaulu usaili wa awali, ila nafasi zikaisha kabla ya kufikiwa.

Chukulia mfano wa Halmashauri ya Chamwino yenye kibali cha kuajiri Maafisa Kilimo watatu. Wasailiwa saba wanafikia alama za ufaulu. Watatu wa juu wanapangiwa vituo. Wanne waliobaki wanahifadhiwa kwa kufuata alama zao. Miezi michache baadaye Halmashauri ya Bahi inapata kibali cha Afisa Kilimo mmoja wa daraja lilelile. Badala ya kutangaza upya, kuchuja maombi na kuwasafirisha mamia ya vijana hadi kwenye usaili, Sekretarieti inampangia kituo aliyeshika nafasi ya nne Chamwino. Hakuomba Bahi, wala hafanyi usaili mwingine.

Utaratibu huo una mipaka yake. Kada na sifa lazima zilingane: aliyesailiwa kuwa Afisa Kilimo hawezi kujaza nafasi ya Afisa Mifugo, hata kama alama zake zilikuwa za juu sana. Aidha, jina halikai humo milele. Ndiyo maana kusubiri kanzidata pekee ni hatari, na mwombaji mwenye busara huendelea kuomba nafasi nyingine kupitia Ajira Portal.

Ugumu mkubwa uko kwenye mawasiliano. Miezi ikipita, msailiwa huwa amehama, amebadili simu, au ameacha kufungua tovuti kwa kuamini kuwa alishindwa. Jina lake linatokea kwenye tangazo huku yeye hana habari. Matangazo mengi yamewaelekeza wahusika kuchukua barua za kupangiwa vituo katika Jengo la Dkt. Asha Rose Migiro, Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha waripoti kwa mwajiri ndani ya muda uliowekwa wakiwa na vyeti halisi. Asiyeripoti kwa wakati huhatarisha nafasi aliyoisubiri.

Pengo hilo ndilo matapeli hulitumia. Humpigia msailiwa simu wakidai kuwa jina lake "limeonekana kwenye kanzidata" na kwamba fedha kidogo italisogeza juu. Dai hilo hujipinga lenyewe, kwa kuwa mpangilio hufuata alama ambazo zilikwisha kutolewa, na wanaoitwa hutangazwa hadharani.

Wahitimu wapya nao wana hoja: nafasi inayojazwa kutoka kanzidata hawapati kuishindania. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake liko katika ukomo wa muda wa majina kukaa humo. Ukomo huohuo, hata hivyo, ndio unaoweza kumtoa wa tano wa Chamwino kabla kibali kingine hakijapatikana.