Mpango kazi wa kudesa haufiki shambani

Kila mwaka wenzetu wanaosoma mipango, maendeleo ya jamii na kilimo wanakwenda fildi, na kila mwaka wanarudi na jedwali lile lile. Lengo: kuongeza uzalishaji. Shughuli: kutoa mafunzo kwa wakulima. Mhusika: afisa ugani na wanakikundi. Muda: Julai hadi Juni. Rasilimali: fedha, usafiri, shajala. Badilisha jina la kata tu, hilo jedwali linakwenda Makambako, linakwenda Tukuyu, linakwenda popote. Sisi tunaita desa, na mtu anapata alama zake.

Mimi naona tatizo haliko kwenye jedwali. Liko kwenye yale maelezo ya aya mbili tatu yanayotakiwa kukaa chini ya kila shughuli, ambayo wengi tunayajaza kwa kurudia jedwali kwa sentensi ndefu zaidi. Maelezo yana kazi moja: kueleza kwa nini shughuli hii italeta lengo lile, kwa mkono wa nani, kwa nini mwezi huu na siyo ule, na kwa vitu gani vinavyohesabika. Ukishindwa kuandika hiyo "kwa sababu", jua shughuli yako ina shimo.

Twende Ilula, wilayani Kilolo. Aliyepita na basi barabara ya TANZAM anaijua kwa nyanya: matenga yamepangwa kando ya lami, akina mama wanakimbilia madirisha na ndoo. Adui mkubwa wa nyanya hizo siku hizi ni kantangaze, yule nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014. Kiwavi wake anachimba ndani ya jani, kisha anatoboa tunda. Wakati wa kiangazi ndipo anapozaliana vizuri zaidi, na kiangazi ndicho msimu wa vinyungu na wa kumwagilia.

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima 20, kila mmoja na nusu ekari, jumla ekari 10. Mtu wa fildi ataandika: "Lengo ni kupunguza uharibifu wa kantangaze. Shughuli ni kuweka mitego ya harufu." Inasomeka vizuri kabisa. Sasa jaribu kuandika maelezo yake.

Mtego wa harufu unavuta madume kwa harufu ya jike. Mtego mmoja kwa ekari hauwezi kumaliza wadudu. Majike yanaendelea kutaga mayai kama kawaida. Kazi yake ni kukuambia kwamba nondo wameingia na kwamba wanaongezeka. Kwa hiyo kati ya "kuweka mitego" na "kupunguza uharibifu" kuna hatua tatu ambazo jedwali halikuzitaja: mtu ahesabu nondo kila wiki, idadi ikipanda mtu akague majani na kung'oa yaliyochimbwa, halafu dawa ipigwe kwa wakati huo badala ya kupigwa kila Jumamosi kwa mazoea. Na hiyo dawa ibadilishwe kundi, kwa kuwa kantangaze anaizoea haraka dawa moja inayorudiwa. Shughuli moja imekuwa nne, na kila moja inadai mwenyewe.

Hapo ndipo neno "wanakikundi" linapoanza kuchekesha. Wanakikundi 20 wakipewa kazi ya kuhesabu nondo, hakuna atakayehesabu. Maelezo yaseme katibu anapita kwenye mitego yote kila Jumatatu asubuhi na daftari, na kwamba akisafiri mweka hazina anashika daftari. Afisa ugani ana kazi nyingine: kuja mara mbili kwa mwezi, kusoma daftari na kushauri dawa. Safari nane kwa miezi minne, na kama pikipiki inakula lita mbili kwa safari, hizo ni lita 16. Hiyo ndiyo "usafiri" iliyoandikwa kwa namna ambayo mtu anaweza kuikubali au kuikatalia.

Vifaa navyo vinahesabika hivyo hivyo. Ekari 10, mitego 10. Kivutio ndani ya mtego hupoteza nguvu baada ya wiki nne hadi sita; tukipanga kubadilisha kila wiki nne, msimu wa miezi minne unahitaji vivutio vinne kwa mtego, jumla 40. Kila mwanachama analipia vivutio viwili na nusu ya mtego. Jedwali lililoandika "mitego 10" peke yake litakuwa na mitego 10 isiyonasa kitu kufikia Julai, na daftari litaonyesha nondo sifuri. Watu watafurahi, jamani, wakati nyanya zinatobolewa.

Lakini kinachonikera zaidi ni safu ya muda. Hesabu kwa kurudi nyuma. Miche inahamishiwa shambani mwanzoni mwa Juni. Kitalu huchukua kama wiki nne, maana yake mbegu zinasiwa mwanzoni mwa Mei. Mitego inapaswa kusimama kabla miche haijafika shambani, yaani wiki ya mwisho ya Mei, hivyo inunuliwe katikati ya Mei na michango iwe imekusanywa Aprili. Mavuno yanaanza kati ya siku 75 na 90 baada ya kuhamisha, yaani kuanzia katikati ya Agosti, na kuendelea Septemba.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai. Umeona? Msimu wa nyanya unakatwa katikati. Manunuzi yanaangukia robo ya nne ya mwaka unaoisha, kukagua na kupima matokeo kunaangukia robo ya kwanza ya mwaka mpya. Ukiandika "Robo ya Kwanza" kwa sababu ndiyo robo ya kwanza, na fedha za halmashauri zikachelewa hata wiki sita, mitego inafika Ilula katikati ya Agosti wakati wakulima wanachuma. Ripoti itasema mitego imenunuliwa na kusambazwa kwa asilimia 100, na haitakuwa imedanganya.

Maelezo mazuri yangeigawa shughuli hiyo waziwazi: mitego na seti ya kwanza ya vivutio kwa michango ya wanachama mwezi Aprili, mafuta ya afisa ugani ya Juni kutoka bajeti inayoisha, na ya Julai hadi Septemba kutoka bajeti mpya. Kisha yaseme nini kitatokea ikiwa fedha za Julai hazijafika: safari zinapungua kuwa moja kwa mwezi, ila kuhesabu kwa kila Jumatatu kunaendelea kwa kuwa hakuhitaji mafuta.

Kuna wenzangu watasema hayo yote ni mengi mno kwa safu moja ya jedwali. Sawa, basi panga shughuli tano badala ya ishirini. Mhadhiri anayedai ukurasa mzima wa shughuli ndiye anayetufundisha kudesa.

Lipo pia ambalo mpango huu hauwezi, na maelezo yaliseme. Hata wadudu wakidhibitiwa, nyanya za vinyungu zinaweza kuingia sokoni wakati mmoja na za wengine wote, bei ikaanguka, au mnunuzi akadai lumbesa. Ndiyo maana lengo lisiandikwe "kuongeza kipato". Liandikwe kwa kitu ambacho mitego inaweza kugusa: katika kila nyanya 100 zinazochukuliwa bila kuchagua kutoka matenga kadhaa siku ya kuchuma, zilizotobolewa ni ngapi, mwaka jana na mwaka huu. Na ya mwaka jana lazima ihesabiwe mapema, kabla mtego wa kwanza haujanunuliwa, maana nyanya zikishapanda lori hakuna wa kuzihesabu.