Kata Maneno, Usikate Ushahidi

Jumatano iliyopita jioni jirani yangu hapa Soni alinijia na binti yake mkubwa. Mama huyu huuza peasi na plamu kando ya barabara ya Mombo, na hapo ndipo alipopata ada ya binti huyo mpaka akamaliza stashahada ya kilimo cha bustani. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, binti akatoa simu. Kampuni moja ya kununua mboga ilitaka msimamizi wa ubora. Tangazo lilisema maombi yatumwe kwa barua pepe isiyozidi maneno 150, na mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni.

Barua aliyokuwa ameandika ilikuwa na maneno 412. Alikuwa tayari amejaribu kuipunguza akafika 110, lakini nilipoisoma hiyo fupi nikaona imebaki na maneno matamu tu: mchapakazi, mwaminifu, mwenye uzoefu mkubwa, anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Kila mwombaji anaandika hivyo. Alichokata ni tarakimu, majina ya mahali na kazi aliyoifanya kweli, kwa sababu hizo zilikuwa sentensi ndefu.

Kwa hiyo tuliiacha ile fupi, tukarudi kwenye ile ndefu na kalamu mbili. Kwa kalamu nyekundu alipigia mstari kila sentensi ambayo mwombaji mwingine yeyote angeweza kuiandika kuhusu nafsi yake. Kwa kalamu ya bluu alipigia sentensi ambazo ni yeye peke yake angeweza kuziandika. Nyekundu ilijaa karatasi. Bluu ilikuwa mistari minne, na mmoja wao ulikuwa umejificha karibu na mwisho: "Pia nilisaidia kupunguza karoti zilizokuwa zinaoza, mpaka yakawa magunia 9 tu."

Nikamwuliza, "Mwanangu, 9 kati ya mangapi? Na kabla ya hapo yalikuwa mangapi?" Hakukumbuka. Nikamtuma nyumbani akalete daftari lake la mafunzo kwa vitendo. Tukakuta mwezi Machi magunia 31 kati ya 240 yalikataliwa na mnunuzi, na mwezi Mei 9 kati ya 250. Tarakimu iliyosimama peke yake haithibitishi kitu, maana huenda Mei waliuza magunia machache tu. Ikipata mwanzo wake, mwisho wake na jumla yake, msomaji anaona kazi iliyofanyika.

Nikauliza tena kama alifanya peke yake. Akasema walikuwa watatu. Basi tukaandika hivyo. Msimamizi wake akipigiwa simu na kusema kuwa kazi ilikuwa ya watu watatu, barua iliyosema "mimi" itakuwa imemharibia.

Jambo gumu lilikuwa aya ya katikati. Humo alieleza shule ya msingi Bumbuli, kifo cha baba yake, na jinsi mama anavyohangaika na matenga ya matunda. Mama mtu hakutaka iondolewe. Alisema, "Wakijua ni yatima watamwonea huruma." Nilimwelewa, maana ni maisha yake yaliyokuwa yakifutwa pale. Nikamweleza kwamba aya hiyo ni ya kuombea ufadhili wa masomo, ambako wanauliza hali ya familia. Anayetafuta msimamizi wa ubora anataka kujua kama karoti zitafika sokoni zikiwa nzima, na aya hiyo peke yake ilikula maneno 96. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, ondoeni. Lakini karoti zibaki."

Tukaondoa pia kila kilichokuwa tayari kwenye wasifu, kama miaka ya shule, alama za masomo na anwani ya posta. Kilichobaki tukakipanga hivi: kazi anayoomba, sifa iliyotakiwa, ushahidi, shahidi, na siku anayoweza kuanza. Barua iliyotumwa ni hii:

Mada: Maombi ya kazi ya Msimamizi wa Ubora wa Mboga

Ndugu Meneja Rasilimali Watu,

Naomba kazi ya msimamizi wa ubora wa mboga mliyoitangaza tarehe 4 mwezi huu.

Nina stashahada ya kilimo cha bustani. Kuanzia Februari hadi Mei nilifanya mafunzo kwa vitendo katika kituo cha kukusanyia mboga Soni, nikipokea karoti na kuzipanga kwa madaraja.

Machi, mnunuzi wa Dar es Salaam alikataa magunia 31 kati ya 240 kwa kuoza. Niligundua karoti zilifungwa kabla maji hayajakauka. Mimi na wenzangu 2 tulianza kuzitandaza kivulini juu ya kichanja kabla ya kuzifunga. Mei yalikataliwa magunia 9 kati ya 250. Daftari la kumbukumbu ninalo, na msimamizi wangu wa kituo yuko tayari kuthibitisha. Namba yake imo kwenye wasifu.

Nazungumza Kisambaa na wakulima na naandika taarifa kwa Kiswahili na Kiingereza. Ninaishi Soni na ninaweza kuanza kazi tarehe 1 mwezi ujao.

Nimeambatanisha wasifu na nakala ya cheti.

Wako mwaminifu,
(jina na namba ya simu)

Ukihesabu kuanzia "Ndugu" hadi "mwaminifu" ni maneno 129. Usiogope kubakiza nafasi. 150 ni mpaka, si deni la kulipwa. Kama huna kompyuta ya kukuhesabia, andika barua kwenye karatasi ya daftari, maneno kumi kila mstari. Mistari ikizidi kumi na mitano, umepita.

Tahadhari moja kwa wanaoombwa kuandika kwa Kiingereza. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja. "Niliwafundisha" ni neno moja kwetu, lakini kwa Kiingereza huwa matatu. Barua inayotosha kwa Kiswahili inaweza kuvuka mpaka ikitafsiriwa, kwa hiyo ihesabu upya baada ya kuitafsiri. Ikizidi, ondoa sentensi nzima iliyo dhaifu kuliko zote. Ukianza kudonoa neno hapa na neno pale, utaishia kudonoa tarakimu zako. Hapa kwetu ya kwanza kuondoka ingekuwa ile ya lugha, kama tangazo halikuiuliza.

Kabla hajabonyeza kutuma, nilimwomba mama mtu asomewe barua mara moja tu, kisha aseme binti yake alifanya nini. Akasema, "Karoti zilikuwa zinaoza kwa maji, wakazikausha, zikaacha kuoza." Mtu asiyejua habari za barua pepe alipoweza kurudia hivyo, tulijua ushahidi haukupotea.

Barua iliondoka Alhamisi asubuhi, siku moja kabla ya mwisho. Ile aya ya katikati mama aliomba aandikiwe kwenye karatasi yake. Ameikunja, ameiweka kwenye Biblia.

Tukutane wiki ijayo.