Sahihisha Sentensi, Usiguse Jina la Mbolea

Aghalabu mwanafunzi wa Kiswahili hukabidhiwa kijikaratasi cha kilimo akisanifishe. Hapo ndipo bidii yake huweza kumletea mkulima hasara. Makala haya yanadai kwamba mhariri ana mamlaka kamili juu ya sarufi ya sentensi, lakini hana mamlaka juu ya istilahi na majina ya bidhaa yaliyomo ndani yake. Hebu tutazame mfano mmoja, unaofanana na mengi yaandikwayo na maafisa wa nyanjani:

“Weka DAP kwa kila shimo kabla ya mbegu, changanya na mchanga, alafu CAN utaweka wakati mahindi iko kwa magoti.”

Makosa ya lugha hayajifichi. “Iko” haiafikiani na “mahindi”; “kwa” imechukua nafasi ya “katika”; “alafu” ni “halafu”; na “mchanga” umetumiwa mahali pa udongo. Aidha, haijulikani ni kitu gani kinachochanganywa. Mhariri mwangalifu ataandika hivi:

“Tia DAP katika kila shimo kabla ya kutia mbegu, uichanganye na udongo, CAN utaitia mahindi yakishafika urefu wa magoti.”

Tazama kiambishi “-i-” katika “uichanganye”. Kinarejelea DAP, ambayo hufuata upatanisho wa nomino “mbolea”. Kiambishi hicho kimoja kimemweleza mkulima achanganye mbolea na udongo ili isigusane na mbegu na kuiunguza. Sarufi imeokoa maana bila ya kugusa istilahi.

Sasa mtazame mhariri wa pili, ambaye huchukizwa na herufi hizo za kigeni na kuamini kuwa mwacha asili ni mtumwa. Yeye ataandika: “Tia mbolea katika kila shimo kabla ya kutia mbegu, uichanganye na udongo, mahindi yakishafika urefu wa magoti, tia mbolea tena.” Sentensi hii haina kosa lolote la sarufi. Hata hivyo, imemwambia mkulima kwamba gunia moja linatosha kazi zote mbili.

Mbolea hizi si moja. Gunia la DAP huandikwa 18:46:0, yaani asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosfeti. Fosfeti haisafiri sana udongoni, kwa hivyo sharti iwekwe karibu na mzizi tangu siku ya kupanda. CAN ina takriban asilimia 26 ya naitrojeni na haina fosfeti kabisa. Sehemu ya naitrojeni hiyo huchukuliwa upesi na maji ya mvua, ndiyo maana hungojewa hadi mmea uwe na mizizi ya kuipokea. Aliyepanda kwa CAN pekee katika shamba lenye uhaba wa fosfeti huenda akaona miche imedumaa na majani yamegeuka zambarau. Aliyekosa CAN baadaye ataona majani ya chini yakigeuka manjano kuanzia nchani na kufuata mshipa wa kati. Kufikia hapo, kosa la mhariri limekwisha kuota shambani.

Mtego mwingine ni majina ya mbegu. Duma 43 na Simba 61 ni mbegu za mahindi, wala si wanyama. Mhariri akiandika “panda duma” kwa herufi ndogo na kuiacha nambari, amelifuta jina ambalo mnunuzi atalitafuta kwenye pakiti. Vivyo hivyo, H614D ni mbegu ya nyanda za juu inayochelewa kukomaa. Ikiitwa “mbegu bora” tu, mkulima wa eneo kame hatajua kwamba haimfai. Upatanisho ukisumbua, dawa ni kutanguliza nomino ya Kiswahili: “mbegu za H614D zipandwe mapema”.

Hata maneno ya Kiswahili huweza kuwa istilahi. Wakulima na wauzaji husema “mbolea ya kupandia” na “mbolea ya kukuzia”. Anayebadilisha ya pili kuwa “mbolea ya ustawishaji” kwa kutafuta fahari ya lugha amemtuma mkulima dukani na jina lisilojulikana huko.

Je, istilahi yenyewe ikiwa na kosa? Tuseme mswada umeandika “H641D”. Mhariri asikisie, wala asinyamaze. Na aizungushie duara, aandike swali pambizoni, kisha amrudishie mwandishi, kwa kuwa mwenye shamba ndiye ajuaye alichopanda. Kuacha istilahi ilivyo si kuacha kuichunguza. Ni kukubali kwamba jibu lake halimo katika kamusi wala katika vitabu vyetu vya sarufi, bali kwenye gunia.